Ukipewa Kazi ya Chini, Tazama Kwanza Ngazi

Mimi ni karani wa parokia huku Mbebe, wilaya ya Ileje. Vijana wanaokwenda kutafuta kazi hupita mezani pangu kuchukua cheti cha ubatizo au barua ya kutambulishwa, na wengi wao, wakisha kupokea karatasi yao, hawaondoki. Husimama kidogo, kisha huuliza: "Karani, nimepata kazi Tunduma, lakini ni kazi ya chini kuliko elimu yangu. Niikubali?"

Zamani nilikuwa najibu upesi. Nilisema, "Kubali, kila mkubwa alianza chini." Siku hizi sijibu hivyo, na nataka kukueleza kwa nini.

Mimi mwenyewe nilisoma chuo cha ualimu. Nilipomaliza, nafasi za ualimu hazikunifikia, nikakaa nyumbani nikilima na kungojea. Mwisho nikapata kazi Tunduma, katika bohari ya kampuni moja iliyokuwa na idara ya forodha. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Nilijiambia, "Sasa nimo ndani. Nitafanya kazi kwa uaminifu, wataona elimu yangu, watanipandisha niende ofisini kwenye mambo ya forodha." Basi nilihesabu magunia karibu miaka miwili. Sikuiba hata kilo moja, wala sikuchelewa. Siku ilipopatikana nafasi ofisini, aliletwa mtu kutoka nje. Nilikasirika sana, nikaona nimedhulumiwa.

Baadaye, hasira ilipopoa, niliona kosa kubwa lilikuwa langu. Bohari ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka ofisini. Katika miaka ile miwili sikuwahi kushika hata karatasi moja ya forodha. Yule aliyeletwa kutoka nje alijua kazi, mimi nilijua magunia. Hakuna mtu hata mmoja, kabla yangu wala baada yangu, aliyetoka bohari ile akaingia ofisi ile. Nilikuwa ndani ya kampuni, ndiyo, lakini sikuwa ndani ya kazi niliyoitaka. Laiti ningaliuliza siku ya kwanza, "Hao walio ofisini walianzia wapi?" ningalijua mambo yote haya kwa swali moja.

Nakumbusha habari hii kwa sababu mwaka 2023 alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, naye ana stashahada ya ualimu kama mimi, naye amengojea kama mimi. Alikuwa na kazi mbili mkononi, zote za Tunduma, na alitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Ya kwanza ilikuwa kutunza bohari ya saruji na mabati ya mfanyabiashara mmoja, kwa shilingi 450,000 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa kupeleka makaratasi katika kampuni ya uwakala wa forodha, kwa shilingi 360,000. Mama yake alitaka saruji. Alisema, "Mwalimu mzima akimbie na makaratasi juani kama tarishi, tena kwa fedha kidogo?" Kijana alinitazama, akaniuliza, "Mjomba, wewe unasemaje?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aende Tunduma kwanza akatazame.

Kwa msomaji asiyekujua Tunduma, pale ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapoingia Zambia, na upande wa pili ni mji wa Nakonde. Malori ya Zambia na ya Kongo hujipanga foleni ndefu. Tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja: lori linaloingia kwetu hukaguliwa Tunduma na maofisa wa nchi zote mbili, na linalotoka kwetu hukaguliwa Nakonde. Mwenye mzigo kwa kawaida haendi mwenyewe forodhani. Hufanyiwa kazi hiyo na wakala mwenye leseni. Ndani ya ofisi ya wakala kuna mtu anayeandaa tamko la forodha, yaani anayetaja kwa Mamlaka ya Mapato mzigo ni nini, umetoka wapi, una thamani gani na ushuru wake ni kiasi gani. Huyo ndiye fundi wa kazi hii. Chini yake yuko mpeleka makaratasi, anayekwenda na kurudi kati ya ofisi, madereva na madirisha ya maofisa.

Nilimtuma kijana na maswali matatu.

La kwanza lilikuwa lile nililolikosa mimi: wanaoandaa matamko katika ofisi hiyo walianzia wapi? Nilimwonya asimwulize bosi, maana bosi atasema maneno mazuri tu. Awaulize wenyewe, wakati wa chai. Alirudi na jibu kwamba walikuwa watatu, na wawili kati yao walianza kwa kupeleka makaratasi palepale. Basi ngazi ilikuwapo, na watu walikuwa wameipanda. Kwenye saruji aliuliza vilevile. Juu ya mtunza bohari alikuwapo mwenye mali, na juu ya mwenye mali hakuna mtu.

La pili lilikuwa juu ya leseni. Uwakala wa forodha hauruhusiwi bila leseni ya Mamlaka ya Mapato, nayo huhuishwa kila mwaka. Mpakani ziko ofisi nzuri zenye viti na kompyuta, lakini hazina leseni yao wenyewe. Hufanya kazi kwa jina la kampuni nyingine, na kuilipa kwa kila mzigo. Ukiajiriwa mahali kama hapo utajifunza kidogo, lakini kampuni yenye leseni ikigombana nao, ofisi hufungwa asubuhi moja, nawe huna hata mahali pa kuombea barua ya kazi. Njia ya kujua si ngumu. Mamlaka ya Mapato hutangaza orodha ya mawakala wenye leseni, na kila mtu aweza kuisoma katika tovuti yao. Jina lililo juu ya mlango, jina lililo katika mkataba na jina lililo katika orodha yapasa yawe jina moja. Yalikuwa moja.

La tatu lilikuwa juu ya cheti. Katika kazi nyingine mtu hupanda kwa ustadi tu, kama fundi wa magari. Katika forodha ustadi peke yake hautoshi. Kuna cheti cha uwakala wa forodha kinachotambuliwa katika Afrika Mashariki yote, ambacho hapa kwetu hufundishwa na Chuo cha Kodi cha Dar es Salaam, kwa makubaliano na vyama vya mawakala. Kwa hiyo ilimpasa aulize: kampuni itamruhusu kwenda kusoma, na akirudi atapata nafasi yake? Hapo jibu lilikuwa nusu. Bosi alisema, "Tutaona baada ya mwaka." Nilimwambia kijana kwamba "tutaona" si ahadi, lakini pia si kukataliwa, na kwamba aiombe iandikwe.

Hapa nisimame kidogo kwenye mkataba, kwa maana vijana wetu huogopa kuuomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe ni nini, inaanza lini, itadumu muda gani, saa za kazi na mshahara. Kwa hiyo ukiuomba mkataba huombi hisani. Mpwa wangu aliletewa karatasi iliyosema "kibarua". Aliomba kwa adabu iandikwe "msaidizi wa nyaraka za forodha", mshahara ukiwa ule ule. Bosi alicheka, akaandika. Kadhalika aliomba uongezwe mstari mmoja, kwamba baada ya miezi 12 watazungumza juu ya mafunzo. Huo haukuwa ushindi mkubwa, lakini neno "kibarua" lingalimfuata kila mahali ambapo angepeleka barua yake ya kazi. Vilevile hakuificha stashahada yake. Wako wanaoficha elimu ili wasionekane wamezidi kazi. Mimi nadhani ni hatari, maana siku utakayotaka kuitoa itakubidi kwanza ueleze kwa nini uliificha.

Baada ya hayo tulikaa na kalamu, maana jambo la mwisho ni fedha. Kazi ya chini inaweza kuwa na ngazi nzuri sana, lakini kama mshahara wake haukulishi, utaanguka kabla hujapanda. Katika shilingi 360,000 asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 36,000, na mwajiri anaweka nyingine kama hiyo. Zinabaki 324,000. Kodi ya mshahara haigusi shilingi 270,000 za kwanza. Katika zile 54,000 zilizozidi hukatwa asilimia 8, yaani 4,320. Kwa hiyo mkononi anapata 319,680. Chumba cha Tunduma tulikikadiria 50,000, chakula 150,000, mkaa, sabuni na simu 40,000. Kwa mama yake 30,000. Zilibaki karibu 50,000 kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni shilingi 900,000. Fedha hizo tuliziita fedha za cheti, na tulikubaliana kwamba haziguswi kwa harusi wala kwa viatu.

Nikamwambia, "Sasa umepata jibu la swali lako bila mimi kusema neno." Jumatatu akaenda kwenye makaratasi. Dada yangu hakuzungumza nami majuma mawili.

Naomba nikueleze namna alivyoifanya kazi ile, kwa sababu watu wawili huweza kukaa katika kiti kimoja, mmoja akapanda na mwingine akazeeka hapo. Mpeleka makaratasi wa kawaida hubeba bahasha. Mpwa wangu alikuwa akiisoma kabla ya kuibeba. Ndani yake mna ankara ya bei, orodha ya mizigo, hati ya usafirishaji, na cheti cha asili ya bidhaa kinachoonyesha imetoka nchi gani. Ikiwa ni mazao, mna pia cheti cha afya ya mimea. Karatasi hizi zote zinapaswa kusema jambo moja. Katika mwezi wa tatu aliletewa bahasha ya mbegu za mahindi kutoka Zambia. Ankara ilisema mifuko 600, orodha ya mizigo ilisema 580. Alirudi nayo ofisini badala ya kuipeleka dirishani. Aliyekuwa ameiandaa alikasirika kwanza, kisha akampigia mwenye mzigo simu, ikaonekana ni kweli, mifuko 20 ilikuwa imebaki Zambia. Kama tamko lingalikwenda vile, lori lingalishushwa lote likahesabiwa, na kila siku ya kusimama ina gharama yake.

Tangu siku ile yule mwandaaji alianza kumwonyesha mambo. Alimfundisha namba za ushuru. Kila bidhaa ina namba, na tarakimu sita za kwanza ni zile zile karibu duniani kote, Afrika Mashariki ikiongeza mbili zake. Mahindi ya mbegu ni 1005.10, na mahindi mengine ni 1005.90. Kahawa, zao letu la Ileje, ikiwa mbichi ni 0901.11, na ikikaangwa huwa 0901.21. Jicho la mtu asiyejua huona mahindi tu. Jicho la forodha huona vitu viwili, vyenye vibali tofauti na pengine ushuru tofauti. Kijana alinunua daftari, akawa anaandika kila mzigo aliobeba na namba yake. Alipofika mwaka mmoja daftari lilikuwa la tatu. Mimi katika bohari yangu ningaliandika nini? "Magunia."

Lakini usidhani mambo yalikwenda yakiteremka tu kama maji. Mwezi wa nane kulitokea jambo lililokaribia kumharibu. Mwandaaji mmoja alikuwa akichoka jioni, akamwambia, "Wewe umeshajua, ingia kwa jina langu na neno langu la siri, umalizie matamko haya." Kijana alifurahi mno. Alinipigia simu usiku: "Mjomba, nimeanza kuandaa matamko!" Nilimwuliza, "Kwa jina la nani?" Akanyamaza. Katika mtandao wa forodha kila mtu huingia kwa jina lake, na kila tamko hubaki na jina la aliyeingia. Angeliandaa matamko mia, hakuna hata moja lingalikuwa lake. Na likitokea kosa, mwenye jina angesema, "Si mimi, ni yule kijana." Kazi ya juu unayoifanya gizani haikupandishi, inakupunguzia usingizi tu. Aliomba radhi kesho yake, akasema yuko tayari kukaa kando ya mwenzake akitazama, lakini hataingia kwa jina lisilo lake. Kwa muda walimnunia.

Miezi 12 ilipotimia alitoa karatasi ya mkataba na ule mstari mmoja. Bosi alisema mwaka huo biashara ni ngumu. Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: weka siku ya mwisho. Kazi ya chini isiyo na siku ya mwisho huwa ndiyo kazi yako. Tulikubaliana miezi sita zaidi. Kama katika hiyo miezi ataajiriwa mtu mpya juu yake, naye akaambiwa amfundishe mtu huyo, basi aondoke na daftari zake aende kwa wakala mwingine, maana hakuna dalili iliyo wazi kuliko hiyo. Kama hakuna, aende kusoma kwa fedha zake mwenyewe, na aombe likizo bila malipo. Ilikuwa hivyo. Fedha zake hazikutosha karo na kukaa Dar es Salaam, ikabidi niuze nguruwe wawili, na dada yangu, ambaye alikuwa bado anataka saruji, aliuza kahawa yake mapema kwa bei mbaya.

Alirudi na cheti. Watu wa nyumbani walidhani atapewa meza siku ile ile. Alipeleka makaratasi miezi minne mingine. Kisha mmoja wa wale watatu aliondoka kwenda kampuni ya Kasumulu, na kampuni haikutangaza nafasi, ilimwandikia yeye barua na kumwombea jina lake la kuingilia mtandaoni. Mshahara umepanda hadi shilingi 620,000. Bado si mkubwa. Lakini akitoka hapo leo, wakala wa Kasumulu, wa Namanga au wa bandarini Dar es Salaam anaweza kuisoma barua yake akajua ni mtu gani.

Sasa nikutajie yule aliyechukua kazi ya saruji, kwa kuwa sitaki udhani ilikuwa kazi mbaya. Ni kijana wa huku huku kwetu, mwenye elimu ya kidato cha nne. Alitunza bohari ile miaka miwili, akajua bei, akajua madereva na mafundi, akaweka akiba katika zile 450,000. Sasa ana duka dogo la misumari na rangi huko Mpemba. Yeye hakutaka kupanda katika kampuni ya mtu, alitaka mtaji na kujua wateja, na bohari ilimpa vyote viwili. Mpwa wangu angalikaa pale angalikuwa na fedha zaidi kwa miaka hiyo miwili, na asingalijua nini cha kufanya nazo, maana biashara haimo moyoni mwake.

Kwa wenye kufikiria kazi ya chini serikalini, neno moja, kwa sababu huko ngazi ni ya namna nyingine. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hadi mistari ya mwisho ambayo watu huiruka. Husema kwamba aliye tayari mtumishi wa umma, akitaka kuomba kazi ya kada nyingine aliyopata sifa zake, apitishe barua yake kwa mwajiri wake. Kwa hiyo mwalimu anayekubali kazi ya udereva au ya uhudumu wa ofisi akidhani ataomba ualimu kimya kimya mwakani, ajue kwamba mkuu wake atakuwa na neno katika jambo hilo. Simwambii asikubali. Namwambia aulize kwanza, katika ofisi hiyo, ni wangapi waliowahi kupitishiwa barua.

Juma lililopita alinijia msichana wa kwaya yetu, ana stashahada ya uhasibu. Amepata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Tunduma, na mwenye nyumba amemwambia kwamba baadaye atampa vitabu vya hesabu. Nilimwuliza vitabu hivyo sasa vinaandikwa na nani. Hakujua. Nimempa nauli ya kwenda akatazame, naye anarudi Jumamosi.